SOMO: Dadu tatu, weka jero. Tuhesabu kama unakula au unaliwa

Habari za humu wadau. Leo tuuchambue ule mchezo wa dadu tatu, wenzangu wa Kigoma mnaujua, hasa zile siku za mbalamwezi mitumbwi ya dagaa haitoki, watu wamekaa tu mwaloni na hela ya mauzo bado iko mfukoni, hapo ndo kopo la dadu linapotoka.

Kwa asiyeujua: kuna kipande cha ubao kimechorwa namba 1 mpaka 6. Unaweka jero juu ya namba unayoitaka, mchezeshaji anatikisa dadu tatu kwenye kopo, anafunua. Namba yako ikiwa imetokea kwenye dadu moja unarudishiwa jero yako na unapewa jero nyingine juu. Ikitokea kwenye mbili unapewa buku juu, ikitokea kwenye zote tatu unapewa buku jero juu. Isipotokea kabisa, jero imeenda.

Na maneno ya mchezeshaji ni matamu kweli. Anakwambia dadu moja ina nafasi moja kati ya sita, dadu ziko tatu, kwahiyo una nafasi tatu kati ya sita, yaani nusu kwa nusu, alafu ikitokea mara mbili au tatu hiyo ni bonasi, sasa mimi nakula wapi jamani? Ukisimama pale unaona kabisa jamaa anajitolea. Tumuhesabie.

HATUA YA 1: Hesabu matokeo yote

Hata kama dadu zinafanana, we jifanye moja ni nyekundu, moja nyeupe, moja nyeusi, maana ukizichanganya hesabu inakupotea hapahapa mwanzoni. Kila moja ina pande 6, kwahiyo matokeo yote ni 6 × 6 × 6 = 216, na kama dadu ni nzima yote yana nafasi sawa.

Tuseme umeweka kwenye 4. Ili uliwe, kila dadu lazima itoe kitu kingine, na kila moja ina namba tano za hivyo, kwahiyo 5 × 5 × 5 = 125. Simama kidogo hapo. Nusu ya 216 ni 108, sasa we unaliwa mara 125, ile nusu kwa nusu imeshakufa. Alipokuchanganya ni kwenye kule kujumlisha: tokeo lenye 4 mbili yeye amelihesabu mara mbili, mara moja kwa dadu nyekundu na mara nyingine kwa nyeupe, wakati ni tokeo moja tu.

Endelea. 4 kwenye dadu moja tu: nyekundu iwe 4 alafu zile mbili zina namba tano tano, ni 25, na kwa sababu hiyo moja inaweza kuwa dadu yoyote kati ya tatu, ni 75. 4 kwenye mbili: ile iliyobaki ina namba tano, mara tatu, ni 15. Kwenye zote tatu ni 1. Jumlisha 125 + 75 + 15 + 1, inakuja 216. Isipokuja 216 rudi nyuma, kuna kitu umekiruka.

HATUA YA 2: Weka hela kwenye kila tokeo

Sasa jifanye umecheza mara 216 na kila tokeo limekuja mara moja moja.

```
125 × (-500)   = -62,500
 75 × (+500)   = +37,500
 15 × (+1,000) = +15,000
  1 × (+1,500) =  +1,500
jumla          =  -8,500
-8,500 ÷ 216   = -39.35
```

Hiyo 39 ya mwisho ndo thamani tarajiwa ya mchezo, na ina alama ya kutoa mbele. Hakuna mchezo hata mmoja utakaokukata shilingi 39, kila mara utaliwa jero au utakula jero au zaidi, ila ukicheza mara nyingi wastani unasogea kwenye hiyo 39. Ni karibu shilingi 8 kwa kila mia unayoweka. Inaonekana ndogo, na ndo ubaya wake, maana kopo linatikiswa haraka: mkicheza mara 60 kwa saa ni kama 2,360 inaondoka, na hujaona imeondokea wapi.

HATUA YA 3: Tafuta inapopotelea

Hapa ndo mi napapenda kuliko pote. Chukua watu sita, kila mmoja kaweka jero kwenye namba yake, namba zote zimejaa. Mezani kuna 3,000.

Dadu zikitoa namba tatu tofauti, watatu wameliwa jero jero, watatu wanalipwa jero jero, mchezeshaji hapati hata shilingi, ni mhamisha hela tu. Dadu mbili zikifanana, wanne wameliwa, hiyo ni 2,000, mmoja analipwa buku na mwingine jero, mchezeshaji kabaki na jero. Zikifanana zote tatu, watano wameliwa 2,500, mmoja analipwa buku jero na mchezeshaji anabaki na buku.

Umeona? Anakula pale pale ambapo watu wanashangilia! Ile dabo inayopigiwa kelele ndo mshahara wake. Na sio ya nadra, kati ya matokeo 216 dabo ni 90 na tatu sawa ni 6. Piga 90 × 500 + 6 × 1,000 = 51,000, gawa kwa 216 ni kama 236 kila anapofunua kopo, gawa kwa watu sita unarudi kwenye 39 ile ile. Na yeye habahatishi, namba zote zikijaa hakuna tokeo linalomtoa mfukoni.

Akitaka mchezo uwe wa haki alipe jero kwa moja, buku jero kwa mbili na 2,500 kwa tatu. Rudieni jedwali la hatua ya 2 mkiweka hizo namba, mtapata sifuri kamili. Mwambie hivyo siku moja uone sura yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kijana wa Gungu): Mkuu nimekuelewa ila huku kwetu jamaa anasema "nakulipa jero ikitokea moja, buku ikitokea mbili, buku jero ikitokea tatu" na ile jero niliyoweka hairudi, imo humo humo. Ni tofauti kubwa?

Jibu: Kubwa sana ndugu yangu, huo ni mchezo mwingine kabisa. Ikitokea moja umerudishiwa hela yako tu, faida sifuri. Mbili faida jero, tatu faida buku. Piga: 15 × 500 + 1 × 1,000 = 8,500, toa 62,500, inabaki kasoro 54,000, gawa kwa 216 ni kasoro 250. Yaani kila ukiweka jero nusu yake imekwenda. Kabla hujaweka chochote muulize "jero yangu inarudi au hairudi", na usikubali jibu la kichwa, subiri uone mwenzio analipwa ngapi mkononi.

Swali (Mzee wa Ujiji): Mwalimu, mimi nina utaratibu wangu. Nakaa pembeni naangalia, namba isipotokea muda mrefu naweka hiyo, maana imechelewa.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Dadu haina kumbukumbu. Hata 4 isipoonekana mara kumi mfululizo, kopo linalofuata matokeo ni yale yale 216 na 125 kati yake hayana 4. Kusubiri kwako kuna faida moja tu, ule muda unaoangalia huweki hela.

Swali (Dogo Reli): Mi naenda na kudabo. Nikiliwa jero naweka buku, nikiliwa naweka buku mbili, siku nikishinda zote zinarudi na jero juu. Hapo hesabu yako inasemaje

Jibu: Inasema una mtaji wa shilingi ngapi? Jero, 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, hizo ni raundi sita tu na umeshatoa 31,500. Kuliwa mara sita mfululizo ni 125/216 ikizidishwa yenyewe mara sita, inakuja kama mara moja katika kila majaribio 27. Kwahiyo mara nyingi utaondoka na jero yako, au zaidi kidogo dabo ikikukuta, unajiona fundi, alafu siku moja inaondoka 31,500 yote. Ukipiga wastani wa jaribio zima, unapoteza kama 350 badala ya ile 39, kwa sababu unaweka hela nyingi zaidi kwenye meza ile ile inayokata 8 kwa mia.

Swali (Mama Mawese): Kaka mbona shemeji yako alicheza siku nzima akarudi na elfu nne faida? Au alinidanganya hela katoa kwingine 😂

Jibu: Dada hayo ya nyumbani siingii. Ila inawezekana kabisa. Ukicheza mara 100 kwa jero, wastani ni kupoteza kama 3,900, lakini hela inayumba kwa kama 5,600 kwenda juu au chini, kwahiyo karibu mtu mmoja kati ya wanne anaondoka na faida. Hao ndo wanaosimulia, wale watatu wananyamaza. Akiendelea mpaka mara 1,000, wastani wa kuliwa unafika 39,000 wakati kuyumba ni kama 17,600, hapo wenye faida wanakuwa wachache sana.

Swali (Katubuka One): Na kama dadu zenyewe zimechezewa?

Jibu: Basi 216 yetu haina maana, maana matokeo hayana tena nafasi sawa. Ukiipata dadu mkononi irushe mara 600 uandike, kila namba inatakiwa ije kama mara 100. Ikija 88 au 113 ni kawaida, ila ukiona 130 au 70 hapo kuna namna. Zile za kuchonga kwa mti mara nyingi hazijakaa sawa hata bila mtu kukusudia.

Swali (Kijana wa Gungu): La mwisho mkuu. Kuna bahati nasibu ya kuchangia madawati, tiketi buku, zawadi baiskeli ya laki mbili na nusu. Hiyo je?

Jibu: Uliza wameuza tiketi ngapi. Zikiwa 250 thamani ya tiketi ni buku kamili, zikiwa 400 ni 250,000 ÷ 400 = 625, kwahiyo 375 umechangia madawati. Mi hiyo ningenunua, ila moja.