SOMO: Mzio wa hereni, rangi ya nywele na vipodozi. Kipimo cha kubandika mgongoni hufanywaje, na kwa nini kisomwe mara mbili

Swali la "hereni zinaniwasha, nikapime damu?" limeulizwa hapa mara nyingi mno. Naandika jibu moja, na kuanzia leo nitakuwa naelekeza watu huku.

Hapana, damu haitakusaidia. Kipimo cha damu na kile cha kudunga ngozi ya mkono hutafuta mzio wa haraka, ule wa karanga au vumbi unaotokea ndani ya dakika chache. Mzio wa nikeli, rangi ya nywele na vipodozi ni wa kuchelewa. Unaletwa na chembe nyeupe za damu zilizokwisha kukitambua kitu hicho siku za nyuma, na hizo huchukua siku moja hadi tatu kukusanyika kwenye ngozi, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo ngozi yenyewe ndiyo inayoulizwa: inaguswa na kitu kidogo kinachoshukiwa, kisha tunangoja.

Hatua ya 1. Kusanya kila kinachogusa ngozi yako, pamoja na pakiti zake. Hata dawa za kupaka, hata gundi ya kucha, hata ulichoacha mwezi uliopita.

Hatua ya 2. Mgongo uwe mzima. Wiki nzima kabla ya kipimo usiupake krimu ya steroidi wala kuuanika juani. Ukiwa unameza prednisoloni, mwambie daktari wa ngozi mapema, maana dozi kubwa hufunika majibu. Vidonge vya mzio kama setirizini na ndugu zake havina shida hapa.

Hatua ya 3. Kubandika. Vikombe vidogo vya alumini vyenye kipenyo cha milimita 8 hupangwa kwenye plasta na kubandikwa mgongoni juu, pembeni mwa uti wa mgongo. Kila kikombe kina kitu kimoja tu, mara nyingi kikiwa kimechanganywa na vaselini kwa kipimo maalumu: nikeli salfeti asilimia 5, na PPD, ile kemikali ya rangi nyeusi ya nywele, asilimia 1. Nafasi ya kila kikombe huwekwa alama kwa kalamu.

Hatua ya 4. Saa 48 bila kulowesha mgongo na bila kutoka jasho jingi. Jifute kwa kitambaa.

Hatua ya 5. Kusoma. Hapa ndipo kipimo kizima huharibika, na ndiyo sababu ya somo hili. Plasta zikitolewa baada ya saa 48, subiri kama nusu saa ili alama za kubanwa zipungue, ndipo isomwe mara ya kwanza. Usiishie hapo. Lazima urudi siku ya tatu au ya nne tangu kubandikwa, kwa sababu mbili. Kwanza, ngozi iliyokereka tu, bila mzio, huwa mbaya zaidi plasta inapotoka kisha hufifia, ilhali mzio wa kweli hubaki au huzidi. Ukisoma mara moja huwezi kuvitofautisha. Pili, kuna majibu ambayo siku ya pili bado hayajajitokeza kabisa. Dawa kama neomisini, na steroidi zenyewe, zinaweza kungoja hadi siku ya saba. Ukiona kivimbe kimechomoza baada ya kuambiwa uko salama, rudi ukaonyeshe.

Onyo jingine: kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Anayesoma akitegemea macho peke yake atapitwa na majibu hafifu. Taa imulike kutoka pembeni na kidole kipite juu ya kila nafasi, maana uvimbe mdogo wa mzio huhisiwa hata usipoonekana. Jibu lenye uvimbe huandikwa +, likiwa na malengelenge madogo ++, malengelenge makubwa yaliyoungana +++.

Hatua ya 6. Kuoanisha majibu na maisha ya mtu. Chukua mfano huu. Mwanamke wa miaka 40 anavimba kope, ngozi ya nyuma ya masikio inachubuka, shingo inawasha. Wote wanalaumu hereni. Siku ya pili nikeli inasoma ++, na PPD ni alama ya kutilia shaka tu. Siku ya nne nikeli iko palepale, lakini PPD imepanda hadi ++. Sasa ulizeni: ndewe za masikio, mahali hereni inapogusa, zikoje? Safi. Anavaa nini? Dhahabu tupu kwa miaka. Uvimbe huja lini? Siku mbili baada ya kupaka rangi nywele, kila mara. Kope huvimba kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba, huku ya kichwani, iliyo nene, ikiwasha kidogo tu. Mzio wa nikeli anao kweli, ila ni wa zamani. Kinachomuumiza sasa ni rangi. Kama angesomwa siku ya pili peke yake, angetupa hereni na kuendelea kupaka rangi.

MASWALI

Mdau77: Mkuu nina vipele shingoni, nipake nini?

Mwandishi: Somo hili ni la kutafuta chanzo. Anza hatua ya 1.

Mdau77: Si useme tu dawa.

Mwandishi: Sijaiona ngozi yako. Nikikutajia krimu ya steroidi, vipele vitatulia, chanzo kitabaki, na vitarudi ukiiacha. Nenda kwa daktari wa ngozi.

Bi Rehema: Naweza kujipima nyumbani kwa kupaka rangi ya nywele kidogo na kuifunika na bandeji?

Mwandishi: Tafadhali usifanye, dada. Rangi kali ikifunikwa siku mbili inaweza kukuunguza, na inaweza hata kukuanzishia mzio ambao hukuwa nao. Kinachowezekana nyumbani ni losheni au krimu inayobaki mwilini. Paka mara mbili kwa siku mahali pamoja upande wa ndani wa kiwiko, siku saba hadi kumi na nne, bila kufunika. Pakianza kuwasha na kuvimba, acha. Sabuni na shampuu hazipimwi hivyo, zitakera ngozi ya yeyote.

Kombo: Nilipimwa, zote sifuri, bado nawashwa. Kipimo ni uongo.

Mwandishi: Ulipeleka vipodozi vyako?

Kombo: Hapana.

Mwandishi: Basi umepimwa vitu vya orodha ya kawaida tu. Kilichomo kwenye krimu yako huenda hakimo humo. Na ulirudi siku ya nne?

Fundi Saidi: Swali la kiufundi. Chuma cha pua kina nikeli, mbona wengi wenye mzio wanakivaa salama?

Mwandishi: Swali zuri sana, fundi. Kilichomo ndani si hoja, hoja ni kinachotoka. Chumvi ya jasho huyeyusha nikeli, na chuma cha pua kilicho bora huishikilia sana. Hereni iliyopakwa dhahabu juu ya nikeli huwa salama hadi utando uchakae. Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya hupima utokaji: vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu visizidi mikrogramu 0.5 kwa sentimita mraba kwa wiki, na vya kupitishwa tunduni 0.2. Ukitaka kukagua mwenyewe, ipo dawa iitwayo dimethili-glioksimi. Weka matone yake pamoja na ya amonia kwenye pamba, sugua chuma nusu dakika. Pamba ikigeuka ya pinki, nikeli inatoka.

Bi Rehema: Na kifungo cha jinzi kinachoniwasha kitovuni?

Fundi Saidi: Mimi hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi.

Mwandishi: Hubanduka baada ya kufua mara chache, kwa hiyo inabidi urudie. Badilisha kifungo kiwe cha plastiki.

Saluni ya Tatu: Mteja wangu ana mzio wa PPD, nimpake piko?

Mwandishi: Usimpake! Hina halisi hutoa rangi ya hudhurungi nyekundu. Ile nyeusi tii inayokolea haraka mara nyingi imetiwa PPD hiyohiyo. Hata rangi zilizoandikwa hazina PPD huwa na toluini-diamini, na wengi wenye mzio wa PPD huwaka nayo pia. Na wewe mwenyewe vaa glavu za nitrili, mpya kwa kila mteja. Ukizigeuza ndani nje ili uzivae tena, rangi iliyokuwa nje ndiyo itakayogusa mkono wako.