Saa moja na nusu ya meneja isiyokatizwa

Meneja wa kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza aandike kwa siku tatu kila jambo lililomkatiza, kisha aliweke katika jedwali la miraba minne ya haraka na umuhimu. Joto likipanda katika chumba cha baridi, aitwe papo hapo. Lakini kibali cha gari kutoka getini, ambacho naamini ndicho mla muda mkubwa, ni cha haraka tu, na msimamizi wa zamu anaweza kukitia saini akipewa mamlaka kwa maandishi. Saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi ziandikwe kwenye kalenda kwa jina la kazi moja muhimu isiyo ya haraka, kama ratiba ya matengenezo ya mitambo ya baridi. Wakiendelea kumgongea mlango kuhusu vibali, mamlaka hayo hayajakabidhiwa kweli.