Kabla ya kiitikio, ficha chord ya nyumbani

Wasanii wa Mwanjelwa mnaorekodi: kiitikio kikipoa, mara nyingi tatizo liko kwenye mistari michache kabla yake. Tuseme wimbo uko kwenye C, yaani C ndiyo chord ya nyumbani, na ubeti unazunguka C, F, G. Kwenye kipande cha kupandia kiitikio, usiguse C kabisa. Anza Dm, nenda F, kisha kaa G baa mbili, sauti ikipanda na mistari ikifupika. Baa ya mwisho ondoa besi na kiki. C ikirudi na kiitikio, sikio linapata lilichonyimwa. Waliokulia kwaya (Iringa hamjambo!) wanajua ti inavyoidai do. Kipande hiki kikizidi baa nane, msikilizaji anachoka. Briji ije mara moja tu, baada ya kiitikio cha pili, ianzie Am.