Kengele tatu za kumtoa fundi kwenye cherehani

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Akishainama kwenye mashine, kwake jua halitembei. Ndani ya mwezi mmoja mwanawe alisahauliwa getini shuleni mara tatu, na mara zote mwalimu alinipigia mimi. Si kwamba hakuwa na alamu. Alikuwa nayo moja, ya saa tisa na robo, yenye mlio wa kushtua wafu. Ikilia anaruka, anaizima, anarudi kushona. Tulikaa naye Jumamosi moja tukaipanga upya hivi.

Hatua ya 1: Hesabu kwa kurudi nyuma

Mtoto anatoka saa 9:30 alasiri. Kutembea ni robo saa. Kufunga duka aliniambia "dakika tano tu, dada". Nilimpima kwa simu bila kumwambia: kuchomoa pasi na kuisogeza ipoe, kukunja vitambaa vya watu, kumjibu mteja aliyechungulia mlangoni, kutafuta funguo. Dakika 20. Kwa hiyo anatakiwa kuacha kushona saa 8:55 na kutoka saa 9:15. Pima kweli, usikubali makadirio ya mhusika. Mtu anayepotelewa na muda hupotelewa nao hata anapokadiria.

Hatua ya 2: Weka kengele tatu

Saa 8:40, 8:55 na 9:15, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwenye simu hizo ni 2:40 PM, 2:55 PM na 3:15 PM. Ukiandika 8:40 PM kwa mazoea ya saa zetu, italia usiku mmekaa mnakula. Sisi ilitutokea.

Mimi natumia `Clock` ya kawaida ya Android, sitaki programu za kupakua zenye matangazo. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta `Gradually increase volume`, ili mlio uanze chini na kupanda taratibu. Usitumie wimbo anaoupenda, ataimba nao huku anashona.

Hatua ya 3: Maneno ya kengele, na mahali pa simu

Hapa ndipo tulipopoteza wiki mbili.

Mwanzoni kengele ya kwanza tuliiandika "Muda umekaribia". Haikusaidia kitu. Aliyezama kwenye kazi haachi kwa sababu ameambiwa muda. Anaacha akishajua ataishia wapi. Ukimkatisha katikati ya kuunga mkono wa gauni, kichwa chake kinabaki kwenye ule mkono na atatafuta kila sababu ya kuumaliza. Kwa hiyo sasa kengele ya 8:40 imeandikwa swali: "Naishia mshono upi?" Analijibu kwa sauti, hata akiwa peke yake: "Naishia bega la kushoto." Zile dakika 15 ni za kufika hapo, na ni marufuku kuanza kipande kipya.

Ya 8:55 haisemi "nenda shule". Inasema tendo la kwanza la mkono: "Kata uzi, chomoa pasi." Kabla ya kuinuka anachomeka pini pale alipoishia na kuandika kwa chaki juu ya kitambaa hatua inayofuata. Usiiruke chaki hii. Siku alizoiruka alikuwa mzito kuondoka, akihofia kwamba akirudi hatakumbuka alichokuwa akifanya.

Ya 9:15: "Funguo, mlango."

Bado alichelewa. Nikamuuliza, "Kengele ya pili uliisikia?" Akaapa haikulia. Nilikuwa nimekaa palepale, nilimwona akiizima. Mkono ulizima kabla ya akili kusikia. Tukaihamisha simu kutoka mezani hadi kwenye rafu ya pasi, hatua tano kutoka kwenye kiti. Lazima anyanyuke, na akishanyanyuka yuko karibu na kitu cha kwanza anachotakiwa kuchomoa. Angalia pia sauti ya alamu, maana ina kipimo chake, tofauti na ya kupigiwa. Mtetemo peke yake usiutegemee. Mashine ikinguruma huusikii.

Hatua ya 4: Ikishindikana, uliza swali moja

Anakumbuka kuisikia? Kama anakumbuka na bado amechelewa, dakika zako ni chache, ongeza. Kama hakumbuki, tatizo ni mlio au mahali pa simu. Mlio huzoeleka, kwa hiyo tunaubadilisha kila inapoonekana anaupita.

Siku umeme ukikatika na simu ikazimika, jirani muuza vitenge ndiye kengele. Tulimwomba asimwite kwa nyuma wala asipige kelele. Anakuja mbele yake, anasubiri mashine inyamaze, anauliza swali lilelile: "Fundi, unaishia wapi?"

Msimu wa Idi, kanzu zinapojaa hadi kwenye benchi la wateja, huwa tunaisogeza ya kwanza hadi 8:30.