Jinsi ya kupima madai ya umbo na maradhi ya mtu aliyekufa zamani: mgongo wa Mfalme Richard wa Tatu

Nahariri makala za historia, na sentensi zinazonipa kazi kubwa ni zile za mstari mmoja: "alikuwa mfupi sana", "alikuwa na kifafa", "mkono wake mmoja ulipooza". Mara nyingi aliyeziandika kwanza hakuwahi kumwona mhusika. Hapa naeleza ninavyozipima, kwa kumtumia Richard wa Tatu, mfalme wa Uingereza aliyeuawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485 akiwa na miaka 32. Nimemchagua kwa sababu mifupa yake ilipatikana mwaka 2012, kwa hiyo tunaweza kuona ni mwandishi gani alisema kweli, na katika jambo gani.

Hatua ya 1: Chambua maelezo yawe dai moja moja

Thomas More, aliyeandika miaka ya 1510, anasema Richard alikuwa mfupi, ana kibiongo, bega la kushoto liko juu sana kuliko la kulia, na mkono wake mmoja ulikuwa umenyauka tangu kuzaliwa. Usiulize kama More ni mkweli au mwongo. Hayo ni madai manne, na kila moja lina hukumu yake. Yaandike kila moja kwenye mstari wake, kisha endelea.

Hatua ya 2: Panga mashahidi kwa tarehe, na uulize nani alimwona

Wa kwanza ni Niclas von Popplau, mgeni kutoka Silesia aliyekutana na Richard mwaka 1484, mfalme akiwa hai. Anasema mfalme alimzidi urefu kwa vidole vitatu, alikuwa mwembamba, na mikono na miguu yake ilikuwa myembamba pia. Kuhusu mgongo hasemi lolote.

Wa pili ni John Rous, kasisi aliyeishi karibu na Warwick. Richard alipita mji huo Agosti 1483, hivyo Rous alikuwa na nafasi ya kumwona. Baada ya kifo cha mfalme aliandika kwamba alikuwa mfupi wa kimo na mabega yake hayalingani, la kulia likiwa juu.

Mwaka 1491 kumbukumbu za mji wa York zinaonyesha ugomvi wa watu wawili, ambamo mwalimu mmoja alishtakiwa kwa kumtukana marehemu kwa kibiongo chake. Ushahidi huu naupenda kwa sababu haukuandikwa ili kuhadithia historia. Unaonyesha kwamba miaka sita tu baada ya kifo, habari ya mgongo ilikuwa midomoni mwa watu wa kawaida.

Baada ya hapo wanakuja wasioweza kuwa mashahidi wa macho. Polydore Vergil, mwanahistoria kutoka Italia, alifika Uingereza mwaka 1502. More alikuwa mtoto wa miaka kama saba Richard alipouawa.

Hatua ya 3: Usihesabu mwangwi kama sauti mpya

Shakespeare alimpandisha Richard jukwaani mwishoni mwa karne ya 16 akiwa na kibiongo na mkono ulionyauka. Habari zake zilipitia vitabu vya historia vilivyomnakili More na Vergil. Kwa hiyo ukiona mkono huo umetajwa na waandishi kumi wa baadaye, fuata mnyororo hadi mwanzo wake. Katika suala la mkono, mnyororo unaishia kwa More, na hapo shahidi wako ni mmoja.

Hatua ya 4: Uliza sifa hiyo ilimfaa nani

Hapa ndipo wengi huteleza, na huteleza pande zote mbili. Watu wa zama hizo waliamini kwamba mwili uliopinda ni dalili ya roho iliyopinda. Ukoo wa Tudor ulitwaa kiti cha Richard, na kumwelezea kuwa wa kutisha kuliwafaa. Rous mwenyewe alimsifu mfalme alipokuwa hai, kisha akamgeuka: aliandika kwamba Richard alikaa tumboni mwa mama yake miaka miwili, akazaliwa na meno na nywele ndefu hadi mabegani.

Kwa hayo, wengi waliompenda Richard walihitimisha kwamba habari zote za mgongo ni uzushi. Hapo walikosea. Chuki ya mwandishi inatueleza kwa nini alichagua kulitaja jambo, lakini haithibitishi kwamba alilitunga. Rous alizua habari za meno, lakini kuhusu bega la kulia alikuwa sahihi.

Hatua ya 5: Kagua picha kama unavyokagua maandishi

Hakuna picha ya rangi ya Richard iliyobaki tunayoweza kusema ilichorwa mbele yake. Moja maarufu, iliyo katika mkusanyo wa familia ya kifalme, ilipigwa eksirei ikaonekana kwamba mstari wa bega uliongezwa rangi baadaye ili bega lionekane limeinuka. Picha hiyo ni shahidi wa yale ambayo watu wa baadaye walitaka kuyaona.

Hatua ya 6: Mwili ukipatikana, jua unajibu nini na haujibu nini

Kwanza thibitisha kwamba mwili ni wake. Mabaki yaliyochimbuliwa Leicester yalipimwa umri kwa kaboni, majeraha yake yalichunguzwa, na vinasaba vyake vililinganishwa na vya watu waliotokana na dada yake kwa upande wa kike. Hapo ndipo mifupa ilipoanza kutumika kama ushahidi.

Uti wa mgongo ulikuwa umepinda vibaya kwa upande, mpindo ulioanza akibalehe, kwenye miaka ya kukua kwa kasi. Hicho si kibiongo, maana kibiongo ni mgongo uliotokeza kwa nyuma. Mpindo wa upande huinua bega moja, na lake lilikuwa la kulia. Mikono yote miwili ilikuwa sawa, hakuna uliodumaa. Mifupa ilikuwa myembamba, kama Popplau alivyosema.

Kwa nini basi Popplau hakutaja mgongo? Nguo zilizoshonwa vizuri huweza kuuficha mpindo wa namna hiyo. Baada ya vita, mwili ulivuliwa nguo, ukabebwa juu ya farasi hadi Leicester na kuwekwa hadharani. Baada ya hapo siri ilikuwa imetoka. Ukimya wa shahidi una uzito pale tu ambapo angeweza kuliona jambo lenyewe.

Udongo wa eneo la nyonga ulikuwa na mayai ya minyoo ya tumbo, ugonjwa ambao mwandishi yeyote kati ya hao hakuutaja. Kwa upande mwingine, mifupa haisemi kama alikuwa na maumivu au alikosa pumzi. Ukisoma popote kwamba "aliteseka maisha yake yote", hiyo ni dhana ya mwandishi.

Hatua ya 7: Andika hukumu kwa kila dai

Katika makala yangu ningeandika hivi. Mabega kutolingana: kweli, na la kulia ndilo lililokuwa juu. More aliyegeuza upande aliandika mambo ya kusikia. Kibiongo: si sahihi, ingawa kuna jambo la kweli lililotiwa chumvi. Mkono ulionyauka: hapana. Meno ya kuzaliwa nayo: kashfa.

Ufupi unahitaji sentensi zaidi. Mgongo ungekuwa umenyooka, angefika kama sentimita 173, kimo kizuri kwa mwanamume wa wakati wake, lakini mpindo ulimpunguzia kiasi. Kwa hiyo Rous aliyesema alikuwa mfupi na Popplau aliyesema alimzidi kwa vidole vitatu wanaweza kuwa wakweli wote wawili, kwa sababu mmoja anamlinganisha mfalme na watu kwa ujumla na mwingine anamlinganisha na nafsi yake. Hapo naandika vipimo vyote viwili pamoja na jina la aliyepima, bila kumchagua mmoja.