Jinsi ya kuandika onyo la kwanza la maandishi kwa mfanyakazi anayechelewa mara kwa mara

Tuchukue mfano wa mtunza ghala anayetakiwa kuingia kazini saa 2:00 asubuhi. Tarehe 5 Septemba 2025 msimamizi alimwonya kwa mdomo kuhusu kuchelewa na kuandika kumbukumbu fupi ya mazungumzo hayo. Mwezi haujaisha, tatizo limerudi.

Hatua ya 1: Chambua rekodi

Mashine ya alama za vidole inaonyesha kwamba tangu tarehe 5 amechelewa siku tano: tarehe 9, 11, 16, 18 na 23. Kwanza hakikisha saa ya mashine yenyewe iko sahihi. Kisha linganisha siku hizo na ruhusa zilizotolewa. Tarehe 11 alimpigia simu msimamizi akakubaliwa, kwa hiyo siku hiyo itoe. Ukiiacha, atakuwa na haki ya kutilia shaka na zile nyingine.

Zimebaki nne, zote Jumanne au Alhamisi. Anayechelewa kwa uzembe tu huwa hachagui siku, kwa hiyo hapa kuna jambo la kuuliza.

Hatua ya 2: Msikilize kabla ya kuandika

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: barua inachapwa kwanza, halafu mtu anaitwa kuisaini. Mwite kwa maandishi siku mbili tatu kabla, umpe orodha ya siku zenyewe, na umweleze kama kanuni zenu zinamruhusu kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Kwenye kikao cha tarehe 26 anaeleza kwamba Jumanne na Alhamisi humpeleka mama yake hospitalini kwa mazoezi ya viungo. Je, onyo lifutwe? Angekuwa hajawahi kuulizwa, ningelifuta. Lakini tarehe 5 aliulizwa akasema ni foleni tu, na njia ya kuomba ruhusa anaijua, maana tarehe 11 aliitumia. Kwa maoni yangu onyo linabaki, ila barua ibebe maelezo yake pamoja na nafuu atakayopewa.

Hatua ya 3: Andika barua

Ukurasa mmoja unatosha. Kiini chake kiwe hivi:

> 29 Septemba 2025
>
> YAH: ONYO LA KWANZA LA MAANDISHI – KUCHELEWA KAZINI
>
> Muda wako wa kuingia kazini ni saa 2:00 asubuhi. Baada ya onyo la mdomo la tarehe 5 Septemba, uliingia kazini bila ruhusa ya kuchelewa kama ifuatavyo: tarehe 9 saa 2:24, tarehe 16 saa 2:19, tarehe 18 saa 2:27 na tarehe 23 saa 2:35. Tarehe 23 gari la mzigo lilisubiri hadi ulipofika kufungua ghala.
>
> Katika kikao cha tarehe 26 ulieleza kuwa siku hizo ulimpeleka mzazi wako hospitalini. Kuanzia tarehe ya barua hii, Jumanne na Alhamisi utaingia saa 2:45 na kutoka dakika 45 baada ya muda wako wa kawaida. Siku nyingine utaingia saa 2:00. Ukipata dharura, mpigie msimamizi kabla ya muda wa kuingia.
>
> Tutapitia mahudhurio yako pamoja tarehe 10 Novemba 2025. Kuchelewa tena bila ruhusa kunaweza kusababisha hatua zaidi za kinidhamu. Una haki ya kujibu au kukata rufaa kwa maandishi.

Ongeza muda wa mwisho wa rufaa na muda ambao onyo litadumu kwenye jalada, kama kanuni zenu zinavyosema. Mashine ikiandika 08:24, kwenye barua tumia saa 2:24 asubuhi, na usichanganye mitindo miwili. Maneno kama "kila siku", "mvivu" au "hujali kazi" yasiingie, kwani rekodi haithibitishi hata moja. Na kama juzi alikosea hesabu za mzigo, hilo lina barua yake.

Hatua ya 4: Mkabidhi ana kwa ana

Mpe faragha, asome mbele yako. Juu ya nafasi ya sahihi andika: "Nathibitisha kupokea barua hii, sahihi yangu haimaanishi kwamba nakubaliana nayo." Akikataa kusaini, usibishane naye. Mwite shahidi, muandike kwamba barua imetolewa tarehe fulani na mhusika amekataa kusaini. Nakala moja yake, nyingine iende kwenye jalada.

Hatua ya 5: Tarehe ya mapitio ifanyike kweli

Wiki sita zimetosha kuona Jumanne na Alhamisi kadhaa. Wiki moja isingeonyesha kitu. Tarehe 10 Novemba toa rekodi upya, ukipima kwa saa 2:45 zile siku zilizobadilishwa. Akiwa amenyooka, mwandikie mistari miwili ya kusema hivyo na uiambatishe kwenye onyo. Akichelewa mara moja kwa dakika tano, ongea naye kwanza. Kama hali ni ileile, rudi hatua ya 1 na uanze kuhesabu kuanzia tarehe 29 Septemba. Zile siku nne za zamani zimeshaadhibiwa.