SOMO: Kurekebisha mikato iliyobebeshwa sentensi kwenye ripoti, bila kuikatakata ripoti kama nyama ya mshikaki

Wakuu, wiki hii nimeulizwa jambo hilihili mara nne: "Bosi amerudisha ripoti, anasema sentensi zangu hazina mwisho, nifanyeje?" Naliandika hapa mara moja, wa tano nitamwelekeza huku.

Mfano ni aya ya ripoti ya ziara ya kukagua kisima. Nimeitunga, lakini za namna hii hunipitia mezani kila mwezi:

"Timu ilifika kijijini tarehe 12 Machi, kisima kilikuwa kimefungwa, fundi hakuwepo, tulimpigia simu mwenyekiti, alisema funguo ziko kwa mhasibu, mhasibu alikuwa amesafiri kikao kiliahirishwa hadi siku iliyofuata."

Hatua ya 1. Hifadhi nakala ya ripoti kabla hujagusa kitu.

Hatua ya 2. Bonyeza Ctrl+F, tafuta alama ya mkato, upite mmoja baada ya mwingine.

Hatua ya 3. Kwenye kila mkato, jaribu kuweka nukta kichwani mwako. Kama kila upande unasimama wenyewe ("Kisima kilikuwa kimefungwa." "Fundi hakuwepo."), na katikati hakuna neno wala kiambishi kinachounganisha, mkato huo umebebeshwa mzigo usio wake. Wengi tulifundishwa kuwa mkato ni kipumuo, tukaelewa kwamba tuuweke kila tunapovuta pumzi. Anayesoma ripoti ofisini hasikii pumzi zako.

Angalia pia pale pasipo na mkato kabisa: "amesafiri kikao kiliahirishwa". Ctrl+F haitakuonyesha hapo. Soma kwa sauti. Ukijikuta umerudi nyuma kutafuta kitenzi cha pili ni cha nani, umepapata.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipoharibu, soma polepole.

Mara ya kwanza niliporudishiwa ripoti niligeuza kila mkato kuwa nukta. "Timu ilifika. Kisima kilikuwa kimefungwa. Fundi hakuwepo." Ikarudi tena, safari hii na maneno "inasomeka kama telegramu". Msomaji alikuwa hajui tena kipi kilisababisha kipi.

Nikaenda upande wa pili, nikajaza -ka-. Kiambishi hiki ni kiungo halali. "Alifungua mlango, akakagua pampu, akaandika namba yake" ni sentensi moja safi, kwa sababu -ka- inajulisha kwamba tendo hili limefuata lile. Basi nikaikuta sentensi hii ya mwenzangu: "Umeme ulikatika, pampu iliungua." Nikairekebisha nikijiona fundi: "Umeme ulikatika, pampu ikaungua." Imependeza, sivyo? Kumbe pampu iliungua Jumatatu, umeme ukakatika Jumatano. Kwa herufi mbili nilikuwa nimeupa umeme kosa la pampu, na pampu yenyewe ilikuwa bado ndani ya dhamana ya muuzaji. Mhandisi aliniita ofisini. Sitasimulia alichosema.

Sentensi sahihi ilikuwa: "Umeme ulipokatika Jumatano, pampu ilikuwa imekwisha kuungua tangu Jumatatu."

Mkato uliokosewa huficha uhusiano wa mambo mawili, na ukiuondoa unalazimika kuutaja uhusiano huo. Kama huujui, muulize aliyeandika. Usibahatishe. Mimi hutumia hivi:

- Jambo moja limefuata jingine: -ka-. Kitenzi cha kwanza kiwe na -li-, na ukifika -ka- ya nne weka nukta, uanze upya.
- Jambo moja ni wakati wa jingine: -po- ("ilipofika").
- Mambo mawili yanatendeka pamoja: -ki- au "huku" ("tuliwakuta wakichota maji").
- Sababu: "kwa kuwa", "kwa sababu".
- Maelezo ya mtu au kitu kilichotajwa: "ambaye", au kirejeshi ndani ya kitenzi.
- Hakuna uhusiano wowote: nukta. Hapo nukta ni haki yake.

Hatua ya 5. Andika upya:

"Timu ilipofika kijijini tarehe 12 Machi, kisima kilikuwa kimefungwa na fundi hakuwepo. Tulimpigia simu mwenyekiti, ambaye alisema funguo ziko kwa mhasibu. Kwa kuwa mhasibu alikuwa amesafiri, kikao kiliahirishwa hadi siku iliyofuata."

Vipande saba vimekuwa sentensi tatu: hali tuliyoikuta, hatua tuliyochukua, matokeo. Nukta nimeziweka pale jambo linapobadilika.

MASWALI

Kijana wa Takwimu: Mkuu, kwa hiyo nibadilishe mikato yote iwe nukta?

Mwandishi: Hatua ya 4, aya ya kwanza.

Kijana wa Takwimu: Nimeuliza tu, ripoti yangu ni kurasa 40 na inatakiwa kesho.

Mwandishi: Basi anza na muhtasari na mapendekezo, ndizo kurasa watakazosoma. Lakini soma somo kwanza, ndugu yangu.

Mama Nuru: Vipi "hata hivyo"? Mimi huandika "Fedha zilichelewa, hata hivyo kazi iliendelea."

Mwandishi: Swali zuri, dada. "Lakini" inaweza kufuata mkato: "Fedha zilichelewa, lakini kazi iliendelea." "Hata hivyo" mimi huichukulia kama neno la kufungua sentensi, kwa hiyo huweka nukta kabla yake, au nukta mkato kama pande mbili ni fupi: "Fedha zilichelewa; hata hivyo, kazi iliendelea." Nukta mkato moja kwa ukurasa inatosha.

Bint Mwambao: Nimekaa nawaza methali. "Wapiganapo tembo, nyasi huumia." "Paka akiondoka, panya hutawala." Ni vitenzi viwili viwili, mbona hazisumbui?

Mwandishi: Umenifurahisha. Jaribu nukta: "Wapiganapo tembo." Haisimami, inasubiri. Hiyo -po- imeshafunga fundo, mkato ni pambo tu. "Paka akiondoka" vilevile, -ki- ya sharti inadai jibu. Sasa ing'oe: "Paka ameondoka, panya wanatawala." Hapo umepata kosa letu lilelile, na sharti limepotea. Ukiwa na shaka na sentensi, ilinganishe na hizo methali.

Fundi Chuma: Haya ni mambo ya Kiingereza. Kiswahili kina mtiririko wake, babu zetu hawakuweka mikato.

Mwandishi: Mtiririko wa simulizi za wazee umeshikwa na -ka-, -ki- na -po-. Ndivyo nilivyosema juu. Mifano yangu yote ni ya Kiswahili, nionyeshe ule wa Kiingereza.

Fundi Chuma: Sawa, -ka- nakubali. Lakini kukanusha je? "Alifika, hakaonana na fundi" haipo.

Mwandishi: Hapo umenibana kwa haki. -ka- ya masimulizi haina kanusho lake. Andika "Alifika lakini hakuonana na fundi", au "Alifika asionane na fundi". Kwenye ripoti ya kwanza ni nyepesi zaidi.

Mama Nuru: Nyongeza kidogo: angalieni mkato kabla ya "ambao". "Wanakijiji ambao walilipa walipewa kadi" ni waliolipa peke yao. "Wanakijiji, ambao walilipa, walipewa kadi" ni wote. Mkato huo uliwahi kutuletea maswali ya ukaguzi.

Mwandishi: Ndiyo maana mimi huandika "wanakijiji waliolipa", mkato haupati pa kuingia.

Mgeni Wiki Hii: Naomba mniwekee ripoti iliyorekebishwa nikopi.

Mwandishi: Hapana.